Mwanachama Asiye Hai

Ripoti ya mkutano mkuu wa mwaka ilikuwa nene kama tofali, na meneja aliishusha mezani kwa karani kama mtu anayetua mzigo uliomchosha mabega.

"Karatasi moja," alisema. "Mbele na nyuma, basi. Kiswahili cha kawaida, kile cha kuulizana bei sokoni. Mwaka jana wanachama walilalamika kwamba wanakuja mkutanoni, wananyosha mikono, wanarudi makwao hawajui walichokipitisha. Safari hii tubandike muhtasari kwenye kila kituo cha kukusanyia maziwa, mtu asome mwenyewe."

"Lini?"

"Jana," alisema meneja, akacheka peke yake, akatoka kwenda kumtafuta fundi wa gari la maziwa ambalo lilikuwa limelala gereji tangu juzi.

Karani alivuta kiti. Chumba chake kilipakana na chumba cha tangi la kupoozea, na ukuta ulikuwa unanguruma siku nzima hata akawa hausikii tena. Alikuwa ameajiriwa na chama cha ushirika kabla hajaolewa, na alipoolewa akajikuta ameingia nyumba ya mwanachama. Mama mkwe wake alikuwa na hisa zake, namba yake kwenye rejista, na ng'ombe mmoja. Watu walimwita Mama Kidumu, kwa sababu wakati wenzake wanakuja kituoni na makopo makubwa ya bati yanayogongana njiani kama kengele, yeye alikuja na kidumu kidogo alichokishika mkononi kama mkoba wa kwenda harusini.

Kazi ilimnogea. Alikuwa na kipaji hicho, cha kulichukua neno lililovaa suti na kulivalisha kanga. Ripoti ilisema "ukomo wa madeni", na alijua watu wangeliona neno "madeni" na tumbo lingewakata. Akaandika: "Hili si deni. Ni mpaka ambao nyinyi mmeuweka. Kamati haina ruhusa ya kukopa kuuvuka." Ripoti ilisema "ziada halisi", naye akaandika: "Kilichobaki baada ya chama kulipa gharama zake zote. Sehemu inakwenda kwenye akiba ya lazima kwa mujibu wa sheria, haigawiwi. Iliyobaki mmekubaliana mgawiwe kulingana na hisa na maziwa ya kila mmoja." Alifika kwenye taarifa ya mkaguzi wa nje, akaipitia, hakuona kibaya, akaandika hivyo kwa sentensi mbili.

Kisha akafika kifungu cha kumi na moja.

Aliukumbuka mkutano wenyewe. Ajenda ya marekebisho ya masharti ililetwa mwishoni, harufu ya pilau ilipokuwa imeshaingia ukumbini na kuanza kuwafanya watu watikise miguu. Mwenyekiti, ambaye kwa mapenzi yake kwa masharti walimbatiza jina la Mzee Vifungu, aliyasoma mstari baada ya mstari kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Aliuliza wanaokubali wanyoshe mikono. Mikono ikaenda juu msitu mzima. Mama Kidumu alinyosha wake, akaushusha, akauliza jirani yake kama kwenye pilau kuna foleni ya wazee.

Ripoti ilisema: "Ili kuimarisha ushiriki na kuhuisha rejista, mwanachama ambaye hatawasilisha mazao kwa miezi mitatu mfululizo atahesabika kuwa mwanachama asiye hai, na haki zake za kushiriki katika maamuzi zitasitishwa hadi atakaporejea." Chini yake kulikuwa na aya mbili, moja juu ya akidi, nyingine juu ya Mrajisi.

Karani aliisoma, akaisoma tena. Akafuta "kuimarisha ushiriki". Akafuta "kuhuisha rejista". Akaandika: "Kuanzia sasa, mwanachama asiyeleta maziwa miezi mitatu mfululizo anaitwa mwanachama asiye hai. Hapigi kura wala hachaguliwi, mpaka atakapoanza kuleta tena."

Ilikuwa safi. Ilieleweka hata na mtoto. Karatasi ilikuwa imejaa, na bado kulikuwa na saa mpya za kufungua duka la chakula cha ng'ombe, jambo ambalo watu waliliulizia kila siku. Aliziacha zile aya mbili, akaweka saa za duka.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakufundishwa na mtu. Kabla ya kubandika kitu chochote, alimsomea mama mkwe wake, kisha akamwomba amweleze yeye kwa maneno yake. Mama Kidumu alikuwa ameishia darasa la nne, na alikuwa na ulimi usio na breki. Kama kitu hakieleweki, hakukubali kwa adabu. Alisema hakieleweki.

Walikuwa jikoni, mama akichambua maharage kwenye ungo. Alisikiliza habari ya ukomo wa madeni akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisikiliza ya ziada. Mkono wake ulikuwa unakwenda na kurudi, ukitupa vijiwe pembeni. Karani aliposoma kifungu cha kumi na moja, mkono ulisimama.

"Soma tena hapo."

Akasoma.

"Asiye hai," alisema mama. "Yaani aliyekufa."

"Si kufa, mama. Ni lugha ya ushirika tu. Maana yake amelala, hafanyi shughuli na chama."

"Mimi ng'ombe wangu amekatika maziwa lini?"

Wote wawili walijua. Ng'ombe alikuwa amepandishwa mara mbili bila kushika, na alipokatika maziwa alikuwa bado hajashika. Mara ya tatu ndiyo iliyokubali, na sasa alikuwa na mimba changa. Kidumu kilikuwa kimeshatundikwa ukutani muda mrefu.

"Basi mimi ni maiti," alisema Mama Kidumu. "Na nimeolewa na chama hiki kabla wewe hujazaliwa."

"Mama, uanachama haujafutwa. Hisa zako zipo, gawio lako lipo. Ni kura tu."

"Kura tu." Aliyarudia maneno hayo taratibu, kama anayaonja. "Na nani amelipitisha hilo?"

Karani alitamani kuwa mahali pengine. "Nyinyi, mama. Mkutano. Ulinyosha mkono."

Mama mkwe alimtazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na hilo ndilo lililomtisha karani. "Nilinyosha kwa sababu jirani alinyosha," alisema hatimaye. "Na jirani naye, nikimuuliza, atasema alinyosha kwa sababu yangu."

"Niliandike kwa namna nyingine? Nilainishe kidogo?"

"Ukilainisha nitakuwa nimefufuka?" Mama alirudi kwenye maharage yake. "Usiguse. Bandika hivyohivyo, watu waone."

Kesho yake meneja aliipitisha karatasi akiwa amesimama, simu sikioni, akibishana na fundi juu ya kipuri. "Saa za duka umeweka? Safi," alisema, akagonga muhuri. Jioni ile vituo vyote vilikuwa na karatasi ukutani.

Asubuhi iliyofuata karani alisikia kitu cha ajabu alipofungua ofisi. Alisikia ukuta. Mngurumo aliokuwa ameuzoea hadi hausikii ulikuwa na sauti nyingine, nyepesi, ya mtambo unaopooza hewa badala ya maziwa.

Alitoka uani. Wanachama walikuwa wamejaa, wamesimama na makopo yao yamefunikwa. Hakuna aliyekuwa anamimina. Mpima maziwa, kijana mrefu aliyevaa koti jeupe na buti za mpira, alikuwa amesimama nyuma ya meza yake na kipimo chake mkononi kama mchezaji aliyeachiwa uwanja peke yake.

"Wamegoma," alimwambia kwa sauti ya chini. "Wanasema wenye ng'ombe mmoja wamefukuzwa na hisa zao zimeliwa."

"Nani kasema hisa zimeliwa?"

"Kila mtu."

Karatasi yake ilikuwa ukutani palepale, na mbele yake watu watano walikuwa wanabishana, mmoja akiweka kidole juu ya neno "hai". Kule ng'ambo ya barabara pikapu ya mchuuzi wa maziwa ilikuwa imeegeshwa, nyuma wazi, mapipa ya plastiki yamepangwa. Mchuuzi mwenyewe alikuwa ameketi kwenye bodi, anachezesha miguu. Hakuwa na haraka. Jua ndilo lililokuwa linamfanyia kazi.

Katikati ya uwanja, kwenye benchi la wanaosubiri malipo, alikaa Mama Kidumu. Hakuwa na kidumu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha mkutano.

"Shikamoo, mama," karani alisema.

"Marahaba, Karani," alijibu mama mkwe wake. Nyumbani alimwita mwanangu. Karani aliisikia tofauti hiyo ikimwingia kama maji ya baridi mgongoni.

Mwenyekiti aliwasili na meneja kwa pikipiki moja, suruali zao zimejaa vumbi. Mzee Vifungu alipita katikati ya watu bila kusalimia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaingia ofisini, meneja na karani wakamfuata, akafunga mlango. Walikuwa watatu humo ndani, na dirisha lilikuwa limejaa nyuso.

"Binti," alisema mwenyekiti, "umefanya nini?"

"Nimefupisha ripoti, mwenyekiti. Kama nilivyoagizwa."

"Umefupisha au umechoma?" Alitoa karatasi moja mfukoni mwake, aliyokuwa ameing'oa njiani kwenye kituo kingine, pembe moja imechanika. "Keti hapa, uandike tangazo. 'Hakuna kilichobadilika. Wanachama waendelee kuleta maziwa.' Mistari miwili. Nitatia sahihi mimi."

"Lakini kimebadilika," alisema karani. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Kipo kwenye kumbukumbu za mkutano, na umezitia sahihi wewe mwenyewe. Nikiandika hakuna kilichobadilika nitakuwa nawadanganya."

"Unajua maziwa yaliyopo hapo nje ni kiasi gani? Unajua yatachacha saa ngapi?"

"Najua."

"Basi andika."

Meneja alikuwa anatazama sakafu. Karani alifikiri juu ya kazi yake, na juu ya mume wake aliyekuwa safarini ambaye angerudi akute mama na mke hawasemeshani. Alifikiri kwamba mistari miwili ni kitu kidogo. Halafu akamwona dirishani, katikati ya nyuso, yule mama kwenye benchi, amekaa wima na kitenge chake.

"Sitaandika hilo," alisema. "Niambie kwanza, mwenyekiti, kifungu hiki mlikileta kwa nini? Mimi nimekaa na ripoti siku nzima na sikuwahi kukuuliza."

Mzee Vifungu alifungua mdomo kumgombeza, kisha kitu kikamlegea. Alikaa juu ya boksi la karatasi.

"Kwa sababu hatupati akidi," alisema. "Huko nyuma mikutano miwili imevunjika kabla haijaanza. Wewe si ndiye uliyeandika barua za kuiitisha upya? Masharti yanataka idadi fulani ya wanachama walio kwenye rejista wawepo ndipo mkutano uwe halali. Na rejista imejaa watu waliohama, watu walioacha ufugaji, watu ambao tumewazika. Tumewazika kweli, binti, mimi mwenyewe nimeshika sepetu. Lakini kwenye hesabu ya akidi bado wamo. Tunasubiri marehemu waje wapige kura. Nilitaka tuhesabu wanaoleta maziwa tu. Sikuwa na nia ya kumkata mtu mwenye ng'ombe mmoja. Wala sikumfikiria."

Karani alivuta ripoti, akafungua ukurasa wa kifungu cha kumi na moja. Aya ya akidi ilikuwa pale, ileile aliyoikata ili saa za duka zipate nafasi. Na chini yake ile nyingine. Aliisoma kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kujua inasema nini: "Marekebisho haya yatawasilishwa kwa Mrajisi na yatatumika baada ya kusajiliwa."

"Meneja," aliuliza, "kwa Mrajisi mmeshapeleka?"

"Barua imekwenda. Jibu bado."

Karani aliitazama karatasi yake mwenyewe mkononi mwa mwenyekiti. Kuanzia sasa. Maneno hayo mawili hayakuwa kwenye ripoti. Aliyaweka yeye, ili sentensi iwe na miguu.

"Nimekosea," alisema.

Mwenyekiti aliinuka upesi. "Haya. Toka ukaseme hivyohivyo. Kwamba umekosea."

"Nitasema nimekosea nilipokosea. Sitasema nimekosea yote."

Hakumngoja ajibu. Alichukua ripoti nzima chini ya kwapa, akafungua mlango.

Uani kulikuwa na joto sasa. Mpima maziwa alikuwa amemshawishi mzee mmoja afunue kopo lake; alichanganya maziwa kidogo na spiriti kwenye kichupa, akatikisa, akakiinua juu. "Bado yanakubali," aliwaambia. "Lakini sio kwa muda mrefu. Yakianza kuganda humu ndani ya kichupa, siyapokei, hata uwe nani." Wanaume wawili walikuwa wameshavuka barabara na makopo yao. Mchuuzi aliacha kuchezesha miguu.

Karani alipanda juu ya kreti la mbao. Hakuwahi kuzungumza mbele ya watu wengi namna ile. Kazi yake ilikuwa ya kukaa.

"Karatasi hiyo ukutani nimeiandika mimi," alisema. "Si mwenyekiti wala meneja. Kuna maneno mawili humo si ya kweli. Nimeandika 'kuanzia sasa'. Si kuanzia sasa. Mlichokipitisha mkutanoni kimepelekwa kwa Mrajisi wa vyama vya ushirika. Mpaka Mrajisi akisajili, masharti ya zamani ndiyo yanayofanya kazi. Leo hii, kila mwanachama hapa ana kura yake, mwenye maziwa na asiye nayo."

Minong'ono ilipita. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti, "Kumbe uongo mtupu."

"Si uongo mtupu," alisema karani, na hapo aliona kwa pembe ya jicho mwenyekiti amesimama mlangoni, taya limekaza. "Mengine yote ni kweli. Mlipitisha kwamba asiyeleta maziwa miezi mitatu mfululizo asipige kura. Mlinyosha mikono, ipo kwenye kumbukumbu. Hisa hazijaguswa, gawio halijaguswa, na hakuna aliyefukuzwa. Lakini kura ya asiyeleta maziwa, Mrajisi akisajili, itasitishwa."

"Kwa nini?" aliuliza mwanamke mmoja aliyeshika ndoo. "Tumewakosea nini?"

"Hilo nalo sikuliandika, na lilikuwa kwenye ripoti. Nililikata kwa sababu karatasi ilijaa." Akaeleza habari ya akidi, ya mikutano iliyovunjika, ya majina ya marehemu yaliyobaki kwenye rejista. Alieleza kwa maneno mafupi, akitazama uso mmoja baada ya mwingine kama anavyofanya jikoni, na alipoona uso umekunjamana alirudia kwa njia nyingine. Mzee mmoja aliguna kwamba kweli, kaka yake bado anaitwa kwenye mahudhurio kila mwaka na yumo kaburini.

Mama Kidumu alisimama. Watu wakampisha bila kuambiwa.

"Karani," alisema, "nimekusikia. Mwenyekiti anataka kuwaondoa marehemu kwenye daftari. Hilo nakubaliana nalo, wapumzike. Lakini hicho kifungu kimewazoa marehemu na kikanizoa mimi humohumo. Ng'ombe mmoja akikataa kushika mimba, mwenye naye anakaa bila maziwa zaidi ya hiyo miezi mitatu. Mwenye ng'ombe kumi hawezi kujua hilo, kwake hata wanne wakikatika yupo wa tano. Sasa niulize, na unijibu kama karani, usinijibu kama mkwe. Tulichokipitisha bila kukijua, tunakirudishaje?"

Karani alijua jibu. Alijua pia kwamba mwenyekiti hakutaka litamkwe pale uani, mbele ya makopo yaliyofunikwa. Alisikia mtambo wa tangi ukizunguka bure nyuma yake.

"Masharti yanasema moja ya tano ya wanachama wakiandika na kutia sahihi, wakieleza wanachotaka kijadiliwe, kamati inalazimika kuitisha mkutano mkuu maalumu," alisema. "Haiwezi kukataa. Na huko mnaweza kukibadilisha kifungu, theluthi mbili ya watakaohudhuria wakikubali."

Mwenyekiti aliondoka mlangoni, akaja taratibu hadi kwenye kreti. Karani alidhani anakuja kumshusha. Alisimama kando yake, akawatazama wanachama, akavua kofia.

"Ndivyo masharti yanavyosema," alisema. "Hata mimi siwezi kukataa." Ilionekana kumgharimu kuyatoa maneno hayo.

Bado hakuna aliyefungua kopo. Watu walitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake, kama walivyosubiriana ukumbini. Ndipo Mama Kidumu alipogeuka.

"Mnangoja nini?" alisema. "Mwenyekiti hanywi hayo maziwa, yakichacha yamechacha ya kwenu. Na nyinyi mnaogoma kumimina, mnajua mnafanya nini? Mnaanza kuhesabu miezi mitatu yenu wenyewe. Karibuni kaburini, pana nafasi."

Kicheko kilitoka kwa mmoja, kikashika kwa wengine, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Mwanamke mwenye ndoo alikuwa wa kwanza mezani. Mpima maziwa aliweka kipimo, akasoma, akaandika. Makopo yakaanza kufunguka. Maziwa ya makopo matano yaliganda kwenye kichupa na kukataliwa, na wenye nayo waliondoka wakilaani, mmoja wao akimtaja karani kwa jina lisilopendeza. Wale wawili waliovuka barabara hawakurudi siku ile, wala nyingine yoyote. Mchuuzi aliondoka na pikapu karibu tupu.

Kabla ya jioni karani alipewa barua ya onyo, kwa kubandika taarifa yenye makosa. Meneja aliiandika akiwa hawezi kumtazama usoni, maana muhuri ulikuwa wake. Karani alitia sahihi ya kupokea. Aliona ni haki, nusu yake.

Nyumbani, mama mkwe wake alikuwa amekwisha kula. Chakula cha karani kilikuwa kimefunikwa kwa sahani, kama kawaida. Karani alikula, akaanza kukusanya vyombo.

"Uliniaibisha," alisema mama. "Nimekwenda kuwaambia watu tangu alfajiri kwamba tumeshanyang'anywa kura. Nimeapa. Kumbe bado."

"Nisamehe, mama. Niliandika vibaya."

"Uliandika vibaya. Halafu ukapanda kreti ukasema umeandika vibaya, na watu wote wale. Mimi nisingepanda."

Hakusema zaidi ya hapo, na karani hakujua kama amesamehewa. Kesho yake mama alimwita mwanangu, akimtuma chumvi.

Sahihi zilipatikana kwa shida kubwa kuliko walivyofikiri. Wenye ng'ombe wengi hawakuona sababu, na baadhi ya wenye ng'ombe mmoja waliogopa kumuudhi mwenyekiti. Mama Kidumu alitembea nyumba kwa nyumba na karatasi ya maombi ndani ya mfuko wa plastiki, na hatimaye moja ya tano ikatimia, ikazidi kidogo. Kamati ilimwandikia Mrajisi kumwomba asubiri. Safari hii meneja alimpa karani kazi ileile kabla ya mkutano na si baada yake: karatasi moja inayosema kinachopendekezwa, kwa nini, na nini kitamtokea nani kikipita. Alitumia siku nyingi juu yake. Saa za duka hakuziweka.

Mkutano ulikuwa mkali. Mwenyekiti alitetea rejista yake kwa nguvu, akasoma majina ya marehemu mmoja mmoja mpaka ukumbi ukatulia. Mfugaji mmoja mwenye ng'ombe wengi alisema asiyeleta maziwa hana jasho kwenye tangi, kwa nini aliamulie. Mama Kidumu alimjibu, akajibiwa, wakakatishwa. Mwishoni kifungu kilisomwa upya: miezi kumi na miwili badala ya mitatu, mwenye ng'ombe aliyekatika maziwa au mwenye mimba, akithibitishwa na bwana mifugo, hahesabiwi kuwa amelala, na kabla jina la mtu halijawekwa pembeni, aandikiwe barua. Neno "asiye hai" liliondolewa, wakaweka "aliyesimama". Kabla ya kura mwenyekiti aliuliza kama kuna ambaye hajaelewa anyoshe mkono.

Mikono sita ilikwenda juu. Karani akasimama, akaanza kueleza tena tangu mwanzo, na hakuna aliyemharakisha, ingawa chakula kilikuwa tayari.

Kilipita kwa kura tatu zaidi ya theluthi mbili. Mrajisi alikisajili baadaye. Karani aliandika kwenye ubao wa kila kituo, kwa mkono wake: "Kifungu cha kumi na moja kimesajiliwa. Kinaanza kutumika leo." Alisimama mbele ya ule wa kwanza kwa muda, akailinganisha tarehe na barua ya Mrajisi, kisha akaenda kwenye kituo kilichofuata.